Unyonge wa kujifunza: jinsi mbwa wa 1967 walivyoeleweka kinyume, na panya waliokuja kurekebisha

Ile stori ya tembo aliyefungwa kamba tangu mtoto mpaka akakua hajaribu tena kuikata, watu wa motivesheni wanaipenda mno, na wakimaliza lazima waseme eti sayansi inaita hii "unyonge wa kujifunza". Tembo tumuache. Waliopimwa maabara ni mbwa, baadaye panya, na wanafunzi wa chuo waliopigiwa kelele masikioni, na matokeo yao ni mazito kuliko hiyo kamba. Halafu kuna hili ambalo kwenye semina hutalisikia: wale vijana wawili walioipa dunia hiyo nadharia, Martin Seligman na Steven Maier, mwaka 2016 wakiwa wazee waliandika makala ndefu wakasema wazi kwamba nadharia yao ya awali ilikuwa imegeuza mambo juu chini. Data za mbwa hazikuwa na shida, zilibaki palepale. Kilichopinduka ni maelezo, yaani nini hasa kinajifunzwa na nini mnyama anazaliwa nacho.

Tuanze na chanzo. Miaka ya katikati ya 60, Chuo Kikuu cha Pennsylvania, kwenye maabara ya Richard Solomon, vijana akina Bruce Overmier walikuwa wanashughulika na kitu kingine kabisa. Walitaka kujua kama hofu aliyofundishwa mnyama sehemu moja inamfuata sehemu nyingine. Kwa hiyo walimfunga mbwa, wakampigia mlio, mlio ukifuatiwa na shoti ya umeme, mara nyingi tu, mpaka mlio wenyewe ukawa unamtisha. Kisha kesho yake wanampeleka kwenye kasha lenye vyumba viwili vilivyotenganishwa na kizuizi kifupi, ambako shoti ikija sakafuni mbwa anaruka upande wa pili na yamekwisha, ili waone kama ule mlio utamfanya aruke haraka zaidi. Tatizo, mbwa hawakuruka. Walikaa pale wanapigwa shoti. Jaribio la hofu likaharibika, na kwa wengi hiyo ingekuwa kero ya maabara tu, ila Seligman aliyekuwa amefika pale 1964 kuanza masomo ya juu, pamoja na Maier na Overmier, waliona hiyo kero ndiyo yenye habari.

Sasa swali likawa hivi: mbwa wamelegea kwa sababu ya shoti yenyewe, labda imewaumiza, imewachosha, imewavuruga, au wamelegea kwa sababu kwenye ile shoti ya kwanza hakuna walichofanya kilichobadilisha chochote? Haya mambo mawili huwezi kuyatenganisha kwa kuangalia mbwa aliyepigwa na ambaye hakupigwa, maana aliyepigwa anabeba yote mawili kwa pamoja. Jibu lao lilikuwa mpangilio wa makundi matatu, na kwangu mimi huu ndio uzuri wote wa kazi yao, zaidi hata ya nadharia, kwa sababu nadharia imekufa na mpangilio bado unatumika leo.

Makala ya Seligman na Maier ya 1967 iko hivi. Mbwa 24, wanane kila kundi. Mbwa anawekwa kwenye machela ya kitambaa yenye matundu manne, miguu inaning'inia, kichwa kimebanwa katikati ya vibao viwili, kimoja kila upande, na shoti inapita kwenye miguu ya nyuma. Kundi la kwanza tuwaite wenye swichi: shoti ikija, mbwa akisukuma kibao kwa kichwa inakatika hapohapo. Kundi la pili tuwaite wasio na swichi: vibao vipo vilevile, shoti ni zilezile, idadi ileile ya 64, nguvu ileile ya miliampia 6, na kila shoti imepewa urefu uleule ambao kwa wastani wenye swichi waliufikia kwenye shoti hiyo, isipokuwa kibao hakifanyi kitu, usukume usisukume. Kundi la tatu hawakupigwa shoti kabisa siku hiyo. Kwa hiyo ukilinganisha la kwanza na la pili, maumivu ni sawa, muda ni sawa, chumba ni kilekile, kilichobaki kutofautiana ni kitu kimoja tu: nani anaikata shoti. Na usidhani walipigwa siku nzima, ukijumlisha shoti zote 64 hazifiki dakika nne za umeme. Wenye swichi walikuwa wanazidi kuikata haraka kadiri wanavyozoea. Wasio na swichi mwanzoni nao walisukumasukuma vibao, kisha kwenye shoti ya 30 hivi wengi wakaacha.

Saa 24 baadaye wote wanapelekwa kwenye kasha la vyumba viwili. Taa zinafifia, mbwa ana sekunde kumi za kuruka kabla umeme haujaja, asiporuka shoti inakuja na itaendelea karibu dakika nzima mpaka aruke au muda uishe. Mara kumi. Mbwa wa kawaida mwanzoni anahangaika, anakimbia huku na huko, analia, anakojoa, mwisho kwa bahati anapanda kizuizi anaangukia upande wa pili, raundi inayofuata anaruka haraka kidogo, na baada ya raundi chache ameshaelewa mchezo. Wenye swichi ndivyo walivyofanya, hakuna hata mmoja aliyeshindwa. Kwenye wale ambao hawakuguswa alishindwa mmoja. Lakini wasio na swichi, sita kati ya wanane walishindwa raundi tisa au zote kumi. Walianza kama wenzao, kukimbia na kulia, kisha baada ya nusu dakika hivi wakalala chini wanalialia kimya kimya, umeme unapita.

Kuna kitu kidogo kwenye maelezo ya hawa mbwa ambacho watu wanakiruka, na mimi nadhani ndicho kinachoshangaza kuliko kulala kwenyewe. Mara mojamoja mbwa mnyonge kwa bahati aliruka kizuizi na shoti ikakatika. Ungetegemea sasa ameelewa. Raundi inayofuata anarudi kulala. Yaani si kwamba hajaribu tu, hata akifanikiwa, mafanikio hayamfundishi kitu, jambo ambalo kwa mbwa wa kawaida haliwezekani kabisa maana mruko mmoja wa bahati ndio huwa mwanzo wa kujua.

Maelezo waliyoyatoa yakawa haya: mbwa kwenye machela alijifunza kwamba matokeo hayategemei anachofanya, akatengeneza matarajio kuwa na kesho itakuwa hivyo, na matarajio hayo yakaua hamu ya kujaribu pamoja na uwezo wa kuona uhusiano kati ya tendo na matokeo. Leo inasikika kawaida. Wakati ule ilikuwa karibu uasi, kwa sababu saikolojia ya Marekani ilitawaliwa na watu wa tabia tupu, ambao kwao mnyama anajifunza viungo vya kichocheo na mwitikio tu, ukisema mbwa "anatarajia" wanakucheka. Nao wakaja na jibu lao: mbwa hajajifunza matarajio yoyote, amejifunza kutulia. Pengine kwenye machela wakati fulani shoti ilikatika yenyewe mbwa akiwa ametulia, hiyo ikawa kama zawadi ya kutulia, na leo ndani ya kasha anarudia alichozawadiwa, basi, huhitaji akili yoyote hapo.

Hoja hiyo ilikuwa na nguvu, na Maier akaijibu kwa jaribio lililotoka 1970. Alichukua mbwa akawafundisha kwamba ili shoti ikatike, lazima watulie, wasitikise kichwa kwa sekunde chache. Yaani hawa wana swichi, lakini swichi yenyewe ni kukaa kimya. Kama wapinzani wako sahihi, hawa ndio wangekuwa wabovu kuliko wote ndani ya kasha, kwa sababu wao wamezawadiwa kutulia waziwazi, kila mara, si kwa bahati. Wenzao waliopigwa shoti zilezile bila swichi walikuja wakashindwa kama kawaida. Hawa waliofundishwa kutulia walianza taratibu, unaona kabisa wanajaribu ile mbinu ya kukaa kimya, kisha wakabadilisha wakajifunza kuruka. Kwa hiyo mwili uliotulia haukuwa tatizo. Kuwa na usukani juu ya shoti, hata usukani wa kutulia, ndiko kulikomlinda mbwa.

Waliongeza mambo mawili ambayo ni vizuri kuyakumbuka, maana yatarudi baadaye yakiwa na sura nyingine. La kwanza, mbwa aliyepata shoti yenye swichi kabla, ukimpa baadaye shoti isiyo na swichi hawi mnyonge, kama amechanjwa. La pili ni tiba. Mwaka 1968 Seligman, Maier na James Geer walijaribu kuwaponya mbwa wanyonge. Kuwaita kutoka upande wa pili, kuweka chakula, kuondoa kizuizi, wapi. Kilichofanya kazi ni kumfunga mbwa kamba ya shingoni na kumburuta kwa nguvu kutoka upande wenye shoti kwenda usio na shoti, si mara moja wala mbili, mara nyingi, na taratibu mvutano unaohitajika unapungua mpaka anaanza kutembea mwenyewe. (Ndiyo, ni majaribio ya kikatili, na bodi za maadili za leo hazingeyapitisha kirahisi. Kazi yenyewe baadaye ikahamia kwa panya.)

Kwa binadamu nitapita haraka. Donald Hiroto alichukua wanafunzi, badala ya shoti akatumia kelele kali, kundi moja kitufe kinazima kelele, kundi jingine hakizimi, na baadaye wa kundi la pili wakawa wazito kutafuta njia ya kuzima kelele nyingine ambayo ilikuwa inazimika kirahisi. Lakini binadamu anajiuliza kwa nini, mbwa hajiulizi, na watu wawili wakishindwa kitu kilekile mmoja anaporomoka mwingine anasema "mtihani ulikuwa wa ovyo" anaenda kula. Ndiyo maana mwaka 1978 Lyn Abramson, Seligman na John Teasdale waliiandika upya nadharia kwa upande wa watu: inategemea sababu unayojipa. Ukiona kosa ni lako na si la mazingira, ni la kudumu na si la leo, na linagusa kila kitu na si hicho kimoja, hapo unyonge unasambaa na kukaa. Hili lilifanyiwa kazi sana kwenye utafiti wa sonona, ila ona kwamba bado kiini hakikuguswa. Bado inasemwa kuwa kitu unachojifunza ni kutokuwa na uwezo.

Kilichokuja kugeuza meza ni ubongo, na aliyekwenda huko ni Maier. Seligman alielekea kwenye sonona na mtazamo chanya, Maier akawa Chuo Kikuu cha Colorado kule Boulder, akajigeuza kuwa mtu wa sayansi ya neva. Mnyama wake sasa ni panya ndani ya kisanduku kidogo, mkia umetokeza nje ukiwa na waya wa shoti, mbele yake kuna gurudumu dogo. Mwenye swichi akizungusha gurudumu, shoti inakatika kwake na kwa mwenzake aliyeunganishwa naye kwa wakati mmoja, lakini gurudumu la mwenzake halifanyi kitu. Makundi matatu yaleyale. Kesho yake panya asiye na swichi hashindwi tu kukimbia, anakuwa na woga uliozidi, hataki kumkaribia panya mdogo mgeni amnusenuse kama panya wa kawaida, na mambo mengine ambayo ukiyaangalia vizuri hayaonekani kama matarajio ya "hakuna ninachoweza", yanaonekana kama mnyama mwenye wasiwasi.

Wakafuatilia chanzo mpaka kwenye kikundi cha seli ndani ya shina la ubongo, kinaitwa rafe ya mgongoni, ambacho ndicho chanzo kikubwa cha serotonini inayosambazwa ubongoni. Shoti isiyo na swichi inazifanya hizi seli zifoke. Serotonini inamwagika kwenye sehemu zinazokuza hofu, na pia kwenye sehemu zinazoanzisha kukimbia, ambako inazizima. Hapo una woga juu na miguu imelegea, vyote kwa mpigo mmoja. Ukiziharibu au kuzizuia hizo seli, panya aliyepigwa shoti zote 100 bila swichi kesho yake anakuwa kama hakuna kilichotokea. Na baada ya kufoka sana, zile seli zinabaki nyepesi kuchokozeka kwa siku chache, breki yao ya ndani imepoa, kwa hiyo shoti ndogo ya kesho inazifanya zifoke kupita kiasi. Hiyo inaelezea kitu ambacho kilikuwa kinaisumbua nadharia ya zamani tangu mwanzo: kwa panya unyonge unaisha wenyewe baada ya siku kadhaa, na hata kwa mbwa, Overmier na Seligman waliona kwamba baada ya kipindi kimoja cha shoti, ukisubiri siku mbili au zaidi athari inapotea. Kama ni imani amejifunza, inasahaulika vipi bila chochote kuipinga? Kama ni seli zilizochokozeka, zinapoa tu.

Mpaka hapa bado ungeweza kusema sawa, basi shoti isiyo na swichi inaiwasha rafe na yenye swichi haiiwashi. Ndivyo karibu kila mtu alivyodhani. Walipopima serotonini dakika kwa dakika shoti ikiendelea, ikaonekana tofauti. Mwanzoni inapanda kwa panya wote wawili, mwenye swichi na asiye nayo. Halafu kadiri mwenye swichi anavyolijua gurudumu, kwake inashuka, wakati kwa mwenzake inabaki juu. Fikiria hiyo ina maana gani. Rafe haijui chochote kuhusu kukosa uwezo, yenyewe inawaka kwa sababu kuna jambo baya linaloendelea, tosha. Kitu kipya, kilichoongezwa, kilichojifunzwa, kipo kwa yule mwenye swichi: kuna kinachokuja kuizima.

Na rafe yenyewe haiwezi kujua gurudumu linafanya kazi, ni kipande cha kale sana cha ubongo. Taarifa lazima itoke juu. Mwaka 2005 Jose Amat, Maier na wenzao walichapisha jaribio ambalo kama ningeruhusiwa kubaki na moja tu kwenye hadithi yote hii ningebaki nalo. Kwenye gamba la mbele la ubongo, upande wa kati, kuna seli zinazotuma waya moja kwa moja mpaka rafe. Wao walidunga pale musimoli, dawa inayolaza seli kwa muda mfupi, kisha wakampa panya shoti yenye swichi. Panya alizungusha gurudumu vizuri kabisa. Alijifunza, alikata shoti, utendaji wake haukutofautiana na panya asiyedungwa. Kesho yake alikuwa mnyonge kama yule ambaye hakuwa na swichi. Mikono ilifanikiwa, lakini habari ya mafanikio haikufika chini.

Kisha kinyume chake. Wakatumia dawa ya kuziamsha zile seli, pikrotoksini, kwa panya ambaye hana swichi kabisa, gurudumu bovu, shoti zote. Kesho yake hakuwa mnyonge. Aliyeshindwa kila mara alilindwa, aliyefanikiwa kila mara hakulindwa, na tofauti pekee ni kama ile breki ya juu ilikuwa imelala au iko macho.

Hapo ile nadharia ya 1967 inakosa pa kusimama, angalau kwa wanyama. Maier na Seligman kwenye makala ya 2016 waliliweka bila kuzunguka: kulegea mbele ya jambo baya linalodumu hakujifunzwi, ndiyo hali ya msingi, mnyama anakuja nayo. Kinachojifunzwa ni udhibiti. Ubongo wa juu unagundua kwamba tendo langu linakata shoti, na ukishagundua unaibana rafe. Mbwa wasio na swichi hawakupata somo lolote la pekee, wao ndio waliobaki na mwitikio wa kuzaliwa nao bila kitu cha kuuzima. Na ukitafakari kidogo ina mantiki, maana mnyama aliyeumia ambaye hana la kufanya anapata faida gani kuendelea kukimbiakimbia na kumaliza nguvu.

Rudi sasa kwenye ile chanjo. Zamani tulisema mbwa aliyewahi kuwa na swichi anajenga matarajio mazuri. Kwenye panya walionyesha mwaka 2006 kwamba ukimpa shoti yenye swichi leo, halafu baada ya wiki ukampa isiyo na swichi, zile seli za mbele zinafanya kazi kana kwamba swichi ipo, zinaibana rafe, panya hanyong'onyei. Zilaze kwa musimoli wakati wa tukio lolote kati ya hayo mawili, chanjo inapotea. Na kinga hiyo haikuishia kwenye umeme, ilimlinda panya hata alipoenda kupigwa na panya dume mwenye nguvu kwenye himaya yake, shida ambayo haifanani kabisa na gurudumu. Kuburutwa kwa mbwa mara nyingi nako kunaeleweka vizuri zaidi: kumwambia hakuna hatari hakufiki kokote, kumuondolea kizuizi hakufiki, kinachohitajika ni kwamba mwili wake usogee na shoti ikatike, tena na tena, mpaka uhusiano huo usajiliwe. Ilikuwa mbinu sahihi iliyoelezwa kwa sababu isiyo sahihi.

Ila nisiiuze hii mpya kama ya zamani ilivyouzwa. Unapoisoma ikinukuliwa, angalia kwanza kama kulikuwa na kundi lenye swichi. Bila hilo, mnyama (au mtu) aliyelegea baada ya mateso anakuonyesha mateso tu, hujui chochote kuhusu udhibiti, na tafiti kibao zinazojiita za unyonge wa kujifunza, hasa zile za kupima dawa za sonona kwa panya, zinampiga shoti na kumpima, basi. Pia kumbuka theluthi hivi ya mbwa waliopigwa bila swichi hawakuwahi kuwa wanyonge, na wachache ambao hawakuguswa walikuwa wanyonge tayari. Kwa binadamu, ramani ya gamba la mbele na rafe haijathibitishwa kwa namna ya panya, huwezi kumdunga mwanafunzi musimoli. Na matumizi ya ovyo yapo mpaka yale ya kutisha: ripoti ya Seneti ya Marekani ya 2014 inaeleza jinsi wanasaikolojia wawili walioajiriwa kwa mkataba na CIA walivyoichukua hii nadharia kutengeneza mahojiano ya mateso, wakiamini mfungwa akishakuwa mnyonge atatoa ukweli, jambo ambalo hakuna jaribio hata moja kati ya haya lililowahi kulisema.

Lakini kwangu pengo kubwa liko kwenye panya wenyewe. Karibu ramani yote niliyoieleza, musimoli, serotonini inayoshuka, chanjo, ilichorwa kwa panya madume. Michael Baratta na kundi la Maier walipokuja kurudia kwa majike, kwenye makala iliyotoka 2018, majike walijifunza gurudumu vizuri tu, walikata shoti bila shida, na kesho yake wakawa na woga na unyonge sawasawa na wenzao wasio na swichi. Swichi haikuwalinda. Walipoangalia ubongo, ile njia kutoka mbele kwenda rafe haikuamka kama inavyoamka kwa madume. Kwa hiyo sentensi ya "udhibiti unalinda", ambayo sasa ndiyo imekuwa moyo wa nadharia mpya, kwa nusu ya panya haijasimama kwenye jaribio lilelile lililoizaa, na kazi inayoendelea ni kutafuta kama kwao kuna aina nyingine ya udhibiti inayoiamsha ile breki au wanatumia njia tofauti kabisa.